Umefungiwa WhatsApp kwa muda kwa sababu ya GB: jinsi ya kurudi kwenye toleo rasmi bila kupoteza mazungumzo

Unafungua WhatsApp, na badala ya orodha ya mazungumzo unakuta ujumbe kwamba akaunti yako imefungiwa kwa muda, pamoja na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kama programu unayotumia ni GBWhatsApp, WhatsApp Plus au mojawapo ya ndugu zao, sababu karibu kila mara ni hiyo hiyo programu. Kufungiwa huko kutaisha kwenyewe. Kinachoweza kupotea kabisa ni mazungumzo yako, na mara nyingi anayeyapoteza ni mwenye simu mwenyewe, anapofuta programu kwa haraka kabla hajahamisha folda ya bekapu.

Mwongozo huu unahusu simu za Android, na umejikita zaidi kwenye GBWhatsApp kwa sababu ndiyo inayodai kazi ya mikono. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka simu ikiwa katika Kiingereza. Kama simu yako iko katika Kiswahili, fuata mpangilio wa menyu, kwa kuwa vitufe viko mahali pale pale.

## Kwa nini namba imefungiwa

Kila programu ya Android hutiwa sahihi ya kidijitali na aliyeitengeneza. Anayechukua WhatsApp, akaibadilisha na kuongeza mapambo yake, hana ufunguo wa sahihi ya mwenyewe, hivyo hulazimika kuitia sahihi yake. Tofauti za namna hiyo ndizo zinazoifichua programu kwamba si rasmi. WhatsApp ilianza kufungia watumiaji wa WhatsApp Plus kwa saa 24 mwezi Januari 2015, na mwaka 2019 wimbi jingine liliwakumba pia watumiaji wa GBWhatsApp.

Adhabu iko juu ya namba ya simu. Kubadilisha kifaa, kuzima na kuwasha, kufuta programu na kuisakinisha upya, au kurudisha nyuma tarehe ya simu, hakuna hata kimoja kinachopunguza dakika kwenye ile saa. Ila kuendelea na programu ile ile baada ya muda kuisha kunaweza kuigeuza adhabu ya muda kuwa ya kudumu, na WhatsApp yenyewe inalisema hilo waziwazi.

Kama ulikuwa unatumia toleo rasmi na bado umefungiwa kwa muda, chanzo ni kingine. Huenda ni programu ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo, au chombo cha kuchota namba na taarifa za watu. Hapo huna folda ya kuhamisha. Ondoa chombo hicho na usubiri muda uishe.

## Tambua kwanza una programu ipi

Hatua hii inachukua dakika mbili, na yote yanayofuata yanaitegemea. Matoleo yasiyo rasmi yako ya aina mbili, na kila aina ina njia yake.

Aina ya kwanza ina jina lake la ndani ambalo mfumo wa Android unalitambua kuwa programu tofauti. GBWhatsApp ya kawaida hujiita `com.gbwhatsapp`, wakati WhatsApp rasmi ni `com.whatsapp`. Kwa kuwa majina hayafanani, programu hizi mbili zinaweza kukaa pamoja kwenye simu moja. Hiyo ni bahati kwako, maana huna haja ya kufuta ya zamani kabla ya kuweka mpya.

Aina ya pili imejivika jina lile lile la `com.whatsapp`. Matoleo kadhaa ya WhatsApp Plus na hata baadhi ya GB hutengenezwa hivi. Android hairuhusu programu mbili zenye jina moja na sahihi tofauti, kwa hiyo toleo rasmi litakataa kusakinishwa mpaka hilo jingine liondolewe. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu kufuta programu hufuta papo hapo hifadhi yake ya siri, ile yenye ujumbe wote wa hivi sasa.

Ili kujua uko upande gani, fungua Play Store na uende kwenye ukurasa wa WhatsApp Messenger ya `WhatsApp LLC`. Ukiona kitufe cha `Install`, programu uliyo nayo ina jina tofauti, nawe uko kwenye aina ya kwanza. Ukiona `Update`, `Open` au `Uninstall`, wakati unajua hujawahi kuweka toleo rasmi kwenye simu hiyo, basi lako limejivika jina la WhatsApp. Kwa wakati huu angalia tu, usibonyeze kitu.

Jina la toleo lenyewe unaweza kulisoma ndani ya programu, kupitia vidoti vitatu, kisha `Settings`, `Help` na `App info`. Ikiwa imefungiwa na haikuruhusu kufika huko, tazama majina ya folda kama inavyoelezwa hapa chini.

## Bekapu yako iko wapi, na ina nini ndani

WhatsApp hujiwekea nakala ya ujumbe ndani ya simu kila siku saa nane usiku, na nakala za siku chache zilizopita, hadi kama wiki moja, hubaki kwenye folda. GB imerithi tabia hiyo. Kitu ambacho haikurithi ni bekapu ya Google Drive: kwa sababu ya ile sahihi isiyo halali, haiwezi kuitumia. Kwa hiyo kama umekaa na GB miezi minane, bekapu yoyote utakayoikuta Google Drive ni ya kabla ya miezi hiyo minane. Usiisahau nukta hii, maana itarudi wakati wa kurejesha.

Fungua programu ya mafaili, mfano `Files by Google`, uingie kwenye hifadhi ya ndani. Kuanzia Android 11, mahali pa kutazama ni hapa:

```
Android/media/com.gbwhatsapp/GBWhatsApp/
```

Kwenye simu za zamani zaidi, au pale programu ilipowekwa zamani, folda ya `GBWhatsApp` hukaa moja kwa moja kwenye hifadhi ya ndani bila kupitia `Android/media`. Ndani yake utakuta folda mbili zinazokuhusu. `Databases` ina ujumbe wenyewe, na `Media` ina picha, video, sauti na nyaraka.

Fungua `Databases`. Utaona mafaili ya namna hii:

```
msgstore.db.crypt14
msgstore-2025-03-10.1.db.crypt14
msgstore-2025-03-09.1.db.crypt14
```

Lisilo na tarehe ndilo jipya kuliko yote. Yenye tarehe ni ya siku zilizotangulia. Namba iliyo mwishoni inaweza kuwa 12, 14 au 15. Ni aina ya ufungaji wa siri uliotumika, na hupaswi kuibadilisha hata kidogo. Ukiandika 14 mahali palipokuwa 12, faili halitafunguka.

Faili hili limefungwa kwa ufunguo unaoendana na namba yako ya simu. Ukithibitisha namba hiyo hiyo kwenye WhatsApp rasmi, programu hupata ufunguo na kulifungua. Ndiyo sababu laini ya namba ile lazima iwe hai na iweze kupokea meseji au simu. Ukithibitisha kwa namba nyingine, bekapu haitakubali, hata ukiwa na faili zima mkononi.

Mwisho wa `crypt15` unadai tahadhari zaidi. Kwa kawaida unamaanisha kwamba ile bekapu iliyofungwa kwa nywila, `End-to-end encrypted backup`, ilikuwa imewashwa. Wakati wa kurejesha utaulizwa nywila uliyoiweka, au ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Kama huvikumbuki, zima kipengele hicho ndani ya GB baada ya adhabu kuisha, halafu ndipo ufanye bekapu mpya.

## Wakati saa bado inahesabu

Usifute programu. Usibonyeze `Clear storage` kwenye mipangilio ya simu. Na usikubali ushauri wa kupakua GB ya toleo jipya zaidi inayodaiwa kuwa haifungiwi, kwa kuwa hiyo ndiyo njia fupi ya kufika kwenye adhabu ya kudumu.

Kazi ya kufanya sasa ni moja, nayo ni kuweka nakala ya folda ya `Databases` mahali pengine. Tengeneza folda mpya ndani ya `Download`, uipe jina lolote, tuseme `Akiba`, kisha nakili `Databases` yote humo. Nakili, usihamishe. Folda hii huwa ndogo ukilinganisha na picha na video, kwa hiyo nafasi haitakusumbua sana. Kuanzia hapo, lolote litakaloharibika mbele, ujumbe wako mpaka bekapu ya mwisho uko salama. Kama una kompyuta au kadi ya kumbukumbu, weka nakala nyingine huko.

Kwa nini basi usubiri, ilhali bekapu tayari ipo? Kwa sababu ya ujumbe ulioingia baada ya saa nane usiku wa mwisho. Huo uko kwenye hifadhi ya siri ya GB peke yake, na utaupata tu ukiifungua programu na kutengeneza bekapu mpya. Kama ujumbe wa siku hiyo hauna thamani kwako, bado subiri, kwa kuwa muda wa adhabu uko juu ya namba na hauishi kwa kuikimbia programu.

## Kuhama, hatua kwa hatua

Hapa tunafuata mfano mmoja mpaka mwisho. Simu ni ya Android 13 yenye GBWhatsApp ya aina ya kwanza, yaani `com.gbwhatsapp`. Imefungiwa Jumanne tarehe 11 Machi 2025, na saa tatu kamili usiku ile saa inaonyesha zimebaki saa 23 na dakika 40. Folda ya `GBWhatsApp` ina gigabaiti 6, na nafasi iliyobaki kwenye simu ni gigabaiti 2 tu. Bekapu ya mwisho ni ya Jumanne hiyo hiyo saa nane usiku, kwa hiyo kuna ujumbe wa saa 19 ambao haumo ndani yake.

Nakala ya `Databases` inawekwa kwenye `Download/Akiba` usiku huo huo. Adhabu inaisha Jumatano saa mbili na dakika 40 usiku. Baada ya hapo:

1. Fungua GBWhatsApp. Ukishaona orodha ya mazungumzo, zima data na Wi-Fi. Bekapu ya ndani ya simu haihitaji intaneti, na kadiri programu hii inavyokaa kidogo mtandaoni ndivyo hatari ya kufungiwa tena inavyopungua.

2. Nenda vidoti vitatu, `Settings`, `Chats`, `Chat backup`, kisha ubonyeze kitufe cha kuweka bekapu. Subiri imalize yenyewe, usitoke katikati.

3. Rudi kwenye programu ya mafaili, ufungue `Databases`, na uangalie saa ya faili la `msgstore.db.crypt14`. Lazima iwe ya dakika chache zilizopita. Kama bado inaonyesha saa nane usiku, bekapu haikufanyika. Rudia hatua ya 2. Ikiwa iko sawa, nakili faili hilo jipya kwenye `Akiba` pia.

4. Sasa andaa makazi mapya. Ndani ya `Android/media`, tengeneza folda inayoitwa `com.whatsapp`, kama haipo.

5. Hamisha folda ya `GBWhatsApp` yote kutoka `com.gbwhatsapp` kwenda ndani ya `com.whatsapp`. Katika mfano wetu hapa ni lazima kuhamisha, maana kunakili gigabaiti 6 kwenye simu yenye nafasi ya gigabaiti 2 kungekwama njiani na kukuachia folda nusu nusu.

6. Badilisha jina la folda hiyo kutoka `GBWhatsApp` kuwa `WhatsApp`. Andika herufi kubwa mahali pake, bila nafasi mwishoni. Njia kamili iwe hivi:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases/msgstore.db.crypt14
```

7. Washa intaneti, fungua Play Store, usakinishe WhatsApp Messenger. Iwe ile ya `WhatsApp LLC`, na si WhatsApp Business. Business ni rasmi pia, ila hutafuta bekapu kwenye folda yake yenyewe, kwa hiyo hii uliyoiandaa haitaiona.

8. Fungua WhatsApp, kubali masharti, andika namba yako. Utapokea tarakimu 6 kwa meseji. Zikichelewa, subiri, kila unapoomba tena, muda wa kungoja ombi linalofuata huongezeka. Kama uliwahi kuweka namba ya siri ya hatua mbili, utaulizwa hiyo pia.

9. Ikiombwa ruhusa ya mafaili na picha, ikubali. Ukiikataa hapa, programu haitaiona folda uliyoihamisha na itasema hakuna bekapu.

10. Ukiulizwa kama itafute bekapu kwenye Google Drive, ruka. Kisha itokee skrini ya bekapu iliyopatikana. Kabla ya kubonyeza `Restore`, soma tarehe na ukubwa. Katika mfano wetu tarehe lazima iwe Jumatano 12 Machi usiku. Ikionyesha tarehe ya mwaka jana, inakuletea ile ya Google Drive ya kabla ya GB.

11. Bonyeza `Restore`, iache simu ikiwa na chaji ya kutosha, na usifunge skrini hiyo mpaka uone `Next`.

Hatua ya 10 ndiyo inayowaponza wengi waliokwisha kufanya kila kitu sawa. Skrini ile inavutia kubonyezwa haraka, na kurejesha bekapu isiyo sahihi huonekana kumefanikiwa kabisa mpaka utafute ujumbe wa wiki iliyopita usiuone.

## Kama lako limejivika jina la WhatsApp

Kwa aina ya pili mpangilio unabadilika mahali pamoja tu. Mara nyingi folda ya programu hii tayari inaitwa `WhatsApp`, kwa hiyo hakuna jina la kubadilisha. Lakini ni lazima uiondoe programu kabla ya kuweka toleo rasmi, na hutakiwi kuiamini folda iliyo chini ya jina lake kwamba itabaki baada ya kuondolewa. Baada ya adhabu kuisha na bekapu mpya kufanyika, hamisha folda nzima ya `WhatsApp` kwenda `Download/Akiba`. Hakikisha faili la leo limo humo. Ndipo uondoe programu, usakinishe toleo rasmi bila kulifungua, urudishe folda kwenye `Android/media/com.whatsapp`, na uendelee na hatua ya 8.

Simu ikikuuliza wakati wa kuondoa kama ibakize data ya programu, kataa. Data hiyo ni ya programu yenye sahihi nyingine, na toleo rasmi haliwezi kuirithi.

## Mambo yanayokwama na maana yake

GB haifunguki tena hata baada ya muda kuisha. Wakati mwingine inakurudisha kwenye skrini ya kuandika namba, na ukiandika inakujibu kwamba unahitaji WhatsApp rasmi ili kuingia. Hapo ujumbe wa saa za mwisho umeupoteza, lakini bekapu ya saa nane usiku ipo. Ruka hatua ya 1 hadi ya 3, uanzie ya 4 kwa faili ulilo nalo.

Skrini ya kurejesha haikutokea. Kuna sababu tatu za kukagua, kwa mpangilio huu: folda iko mahali pasipo pake au jina lake lina kosa, ruhusa ya mafaili ilikataliwa, au faili bado lina tarehe kwenye jina. WhatsApp huuliza kuhusu bekapu mara moja tu, mwanzoni, baada ya kuthibitisha namba. Kama umeshapita hapo na uko kwenye WhatsApp tupu, huna budi kuiondoa na kuanza upya. Fanya hivyo mapema, na folda yako ikiwa tayari imehamishiwa `Akiba`. Ukiiacha WhatsApp hiyo tupu ilale usiku, saa nane itatengeneza bekapu yake ya utupu na kuipa jina la `msgstore.db.crypt14`, na faili lako la kweli litasukumwa kwenye safu ya yale yenye tarehe, ambayo hufutwa kadiri mapya yanavyoongezeka. Hii ndiyo kazi halisi ya folda ya `Akiba`.

Urejeshaji unaanza kisha unashindwa. Mara nyingi faili lina hitilafu, au limetengenezwa na toleo lisiloendana na ulilosakinisha. Hakikisha kwanza WhatsApp ni ya toleo jipya kabisa kutoka Play Store. Ikishindwa tena, jaribu bekapu ya siku iliyotangulia: hamishia folda ya `WhatsApp` kwenye `Akiba`, ondoa WhatsApp, toa `msgstore.db.crypt14` kwenye folda hiyo, chukua kwa mfano `msgstore-2025-03-10.1.db.crypt14`, ulibadilishe jina kuwa `msgstore.db.crypt14`, kisha usakinishe upya bila kuifungua na urudishe folda kwenye `Android/media/com.whatsapp`. Kama faili hilo linaishia na crypt12, jina jipya nalo liishie na crypt12.

Ujumbe umerudi lakini picha hazifunguki. Picha na video hazimo kwenye faili la ujumbe. Ziko kwenye `Media` kama mafaili ya kawaida, kwa hiyo hazijapotea na galari inaweza kuzifungua. Ndani ya `Media` huenda folda bado zinaitwa `GBWhatsApp Images`, `GBWhatsApp Video` na kadhalika. Anza na moja: badilisha iwe `WhatsApp Images`, funga WhatsApp kabisa, uifungue tena na ujaribu picha moja ya zamani. Ikifunguka, fanya vivyo hivyo kwa zilizobaki. Isipofunguka, rudisha jina la awali. Ikiwa WhatsApp rasmi imeshajitengenezea folda ya jina hilo, hamishia mafaili yako ndani yake.

Ujumbe unasema akaunti hairuhusiwi kutumia WhatsApp, na hakuna saa inayohesabu. Hiyo si adhabu ya muda tena. Sakinisha toleo rasmi, andika namba, ubonyeze `Request a review` kwenye skrini hiyo. Andika kwa ufupi na kwa ukweli kwamba ulitumia toleo lisilo rasmi na umeshaliondoa. Kudai kwamba hujui lolote hakukusaidii. Tuma ombi moja, usubiri jibu.

## Baada ya mazungumzo kurudi

Kaa na `Akiba` kwa siku saba. Katika siku hizo utagundua kama kuna kundi au mazungumzo yaliyokosekana. GB yenyewe, kwa upande mwingine, iondoe siku hiyo hiyo ukishahakikisha ujumbe wa jana na wa miezi iliyopita upo. Programu mbili zikigombania namba moja, hujui ni ipi itakayoichukua, na ukiifungua GB hata mara moja kwa kukosea umerudi ulikotoka.

Kisha kuna usalama, na hapa tunasisitiza kwa sababu hatari imethibitishwa na watafiti. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta ndani ya FMWhatsApp toleo 16.80.0 programu haribifu iitwayo Triada, yenye uwezo wa kupakua programu nyingine haribifu kwenye simu. Oktoba 2022 kampuni hiyo hiyo ilionyesha kwamba toleo la YoWhatsApp lilikuwa likiiba funguo za akaunti za watumiaji. Hilo halimaanishi kwamba lako lilikuwa na kitu kama hicho, ila huna namna ya kujua, kwa hiyo safisha kana kwamba lilikuwa nacho.

Anzia ndani ya WhatsApp, kwenye vidoti vitatu, `Linked devices`. Kifaa usichokitambua kitoe. Kisha `Settings`, `Account`, `Two-step verification`, uweke namba ya siri ya tarakimu 6 pamoja na barua pepe. Barua pepe usiiruke: anayesahau namba ya siri bila barua pepe hulazimika kusubiri siku 7. Watu unaowasiliana nao huenda wakaona taarifa kwamba namba yako ya usalama imebadilika. Hilo ni la kawaida baada ya kujisajili upya.

Kwenye simu, fungua Play Store, bonyeza picha yako, `Play Protect`, kisha `Scan`. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, utafute `Install unknown apps`, na uondoe ruhusa hiyo kwa kivinjari au programu yoyote uliyoitumia kupakulia GB. Pitia orodha nzima ya programu zilizosakinishwa, usiyoikumbuka, iondoe. Kama programu fulani inarudi kila ukiifuta, au matangazo yanajifungua yenyewe hata baada ya GB kuondoka, dawa iliyobaki ni kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Kabla ya hapo hamishia bekapu nje ya simu.

Linabaki jambo lililowapeleka wengi GB tangu mwanzo. Mengi ya hayo sasa yamo kwenye toleo rasmi. Tiki za bluu huzimwa kwenye `Settings`, `Privacy`, `Read receipts`. Hapo hapo, kwenye `Last seen and online`, unachagua nani aone kwamba uko mtandaoni. Mazungumzo yanaweza kufungwa moja moja kwa alama ya kidole. Na tangu Oktoba 2023 WhatsApp rasmi ya Android ilianza kuruhusu namba mbili kwenye programu moja: bonyeza mshale ulio karibu na jina lako kwenye `Settings`, kisha `Add account`. Kitu ambacho hutakipata ni kuona ujumbe uliofutwa na mwenzako.

Siku saba zikipita bila tatizo, hakikisha kwanza kwamba WhatsApp rasmi imeshaweka bekapu yake Google Drive. Nenda `Settings`, `Chats`, `Chat backup`, uchague akaunti ya Google na ratiba, na usome tarehe ya bekapu ya mwisho. Ikiwa ni ya leo au jana, futa `Akiba` pamoja na folda tupu ya `com.gbwhatsapp`.